Dawa Isiyo na Jina Haina Mtetezi
Bahasha ya duka la dawa iliyoandikwa “1x2” inatosha nyumbani, lakini haimwambii kitu afisa wa forodha wa Dubai, ambako tramadoli ni dawa inayodhibitiwa. Barua ya daktari itaje jina halisi la dawa, maana la kibiashara hubadilika kila nchi: tramadoli, miligramu 50, mara mbili kwa siku, maumivu baada ya upasuaji wa mgongo, vidonge 28 kwa siku 14. Utasema cheti cha dawa kinatosha. Lakini cheti aghalabu hakitaji ugonjwa, na vidonge visivyo na sababu hufanana na bidhaa. Hata hivyo barua pekee haifuti sheria: omba kibali cha Falme za Kiarabu kabla ya kukata tiketi.