Dakika kumi kabla ya kuandikia shule

Mama mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, anafuma masweta ya shule nyumbani kwake kwa mashine ya mkono. Mwaka jana alituma ujumbe ule ule kwa shule 14 za binafsi: anatengeneza masweta bora kwa bei nafuu, karibuni sana. Hakuna aliyejibu. Nyuzi alikuwa amezichukua kwa mkopo, na ada ya mwanawe wa kidato cha pili ilikuwa inasubiri masweta hayo hayo.

Masweta yenyewe hayakuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa ujumbe, kwa sababu ungeweza kwenda kwa shule yoyote, na mwalimu mkuu anaujua ujumbe wa namna hiyo kabla hajaumaliza.

Mwezi Oktoba alijaribu njia nyingine. Alichagua shule moja tu, akajipa dakika kumi za kuisoma kwenye simu.

Alianza na tovuti ya shule. Hakusoma dira wala dhamira. Maneno hayo hufanana kila shule. Alitafuta fomu ya kujiunga, kwa sababu ndiyo inayotaja mahitaji ya mtoto. Ilisema kila mtoto awe na masweta mawili ya bluu yenye mstari mweupe shingoni, yanayopatikana shuleni. Sentensi hiyo fupi ina habari kubwa: anayenunua kwa fundi ni shule, si mzazi mmoja mmoja. Kwa hiyo wa kuandikiwa ni ofisi.

Kisha akaenda kwenye ukurasa wa shule wa Facebook. Hapo wengi hukosea. Tangazo lililobandikwa juu kabisa laweza kuwa la miaka miwili iliyopita, na mtu akiandika kuhusu mahafali yaliyokwisha kusahaulika, anaonekana hakusoma vizuri. Mama huyu alitazama tarehe kwanza, akaliruka la juu, akashuka hadi matangazo ya wiki za karibuni. Moja, la siku tisa nyuma, lilisema kuwa Januari shule inafungua mkondo wa pili wa darasa la awali.

Kwa mtu wa ushonaji, tangazo hilo linamaanisha watoto wengi zaidi wa miaka mitano, yaani masweta madogo ambayo huenda shule haina ya kutosha. Na kutoka Oktoba hadi Januari kuna muda wa kufuma.

Chini ya tangazo jingine alikuta mzazi akilalamika kwamba sweta la mwanawe limemfika magotini, kwa kuwa saizi ndogo zilikwisha. Hii ilimthibitishia kwamba hakuwa anabahatisha. Lakini hakuitia kwenye ujumbe. Ukimwambia mwalimu mkuu kwamba wazazi wake wanalalamika, ataanza kujitetea, na mzazi wa watu atakuwa ametajwa bila kuulizwa. Vivyo hivyo aliziacha picha za harusi ya mwalimu mkuu alizozikuta kwenye ukurasa wake binafsi. Zilikuwa wazi kwa kila mtu, ni kweli, ila mgeni anayeanza na harusi yako hutisha. Kinachofaa kutajwa ni kile ambacho shule yenyewe imekitangaza ili watu wakijue.

Dakika ya tisa akaandika:

“Habari za kazi, Mwalimu. Nimeona tangazo lenu la tarehe 3 Oktoba kwamba Januari mnafungua mkondo wa pili wa darasa la awali. Mimi ni fundi wa masweta hapa Mwanjelwa, na nina vipimo vya watoto wa miaka minne hadi sita. Je, naweza kuleta sweta moja la bluu lenye mstari mweupe Jumatano, mlitazame bila malipo?”

Kabla ya kutuma alifanya jaribio moja. Alilifuta jina la shule akilini, akaweka la shule jirani. Sentensi ya pili haikukaa tena, maana jirani hakuwa na mkondo mpya. Kama ingekaa, angerudi kutafuta. “Nimependa ukurasa wenu” hukaa popote, ndiyo maana haifai kuwa sababu.

Si kila shule hutoa kitu. Siku ile ile alifungua tovuti ya shule nyingine, akakuta habari ya mwisho ni ya 2019 na ukurasa wa Facebook umekufa. Dakika kumi zikaisha, akaiacha. Ile ni ya kwenda kwa miguu na kuuliza getini.

Jibu la shule ya kwanza lilikuja kesho yake saa nne asubuhi: “Karibu mama, Jumatano saa tano. Njoo na saizi mbili. Bei ya jumla ni shilingi ngapi kwa masweta 40?”