Kengele ya Getini Haipati Usingizi

Jamani wauzaji, sisi tulionunua kengele za waifai tuna neno nanyi. Boksi linasema betri inakaa miezi sita. Mwezi haujaisha tumeshika bisibisi, tunaibandua kengele ukutani tukaichaji ndani, na mgeni anarudi kugonga geti kwa jiwe kama zamani.

Tukilalamika, jibu ni moja: betri mbovu, nunua nyingine. Wengine tumenunua, nayo imeisha vilevile.

Kengele hizi zimeundwa kulala. Ikiwa imelala inatumia umeme kiduchu sana. Kinachomaliza betri ni kuamshwa, maana kila ikiamka inawasha kamera, inaita ruta na kutuma video. Na mageti yetu yanatazama barabara. Bodaboda ikipita, kihisi kinaona joto la injini, kengele inaamka. Bajaji, watoto wa shule, mbuzi wa jirani, wote wanarekodiwa. Hiyo miezi sita ni ya mlango unaopitiwa na watu wachache kwa siku, ruta ikiwa karibu.

Na hapo kwenye ruta ndipo penye balaa. Mwenzetu mmoja wa Kimara ruta yake ilikuwa sebuleni, nyuma ya televisheni. Kutoka hapo hadi getini kuna kuta mbili za tofali na geti la chuma. Kwenye programu ya simu, palipoandikwa RSSI, alikuta -79. Namba hiyo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Nguvu inayofika kwenye -80 ni sehemu moja tu ya mia ya ile ya -60. Kwa hiyo video fupi, ambayo ingetoka mara moja, inasuasua: vipande vinapotea, vinatumwa upya, na muda wote huo kengele iko macho inakula betri.

Alihamishia ruta dirishani, ikasoma -64. Akaweka kabari nyuma ya kengele iangalie kwenye kibaraza badala ya barabarani, akapunguza na wepesi wa kihisi. Betri ni ileile, ila sasa inashuka taratibu.

Tusisahau na umeme wetu. Ukikatika, ruta inazima, lakini kengele haina habari. Nyingi zinaendelea kuhangaika kutafuta mtandao hadi umeme urudi. Ruta ikipata betri yake ya akiba, kengele nayo inapumzika.

Hayo yote tumeyagundua wenyewe, pesa zikiwa zimeshatoka. Wauzaji, kabla hamjapokea hela muulizeni mteja ruta yake iko wapi na nje ya geti kunapita nini. Nawe uliyekwisha kununua, kama RSSI getini kwako inasoma -75 au -80, usinunue betri ya pili. Sogeza ruta kwanza.