Simu ya Mkataba Isiyosikika Nyumbani

Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki, hasa kutoka Kenya, wanatumikia katika jeshi la Uingereza, na wake zao na watoto wao huishi nao huko katika nyumba za askari, ambazo aghalabu ziko mbali na miji. Jambo la kwanza ambalo jamaa mgeni hufanya ni kutafuta simu. Watu wa huku kwetu wamezoea kununua muda wa maongezi kadiri ya fedha iliyomo mfukoni, lakini kule Uingereza wengi hutia sahihi mkataba wa miezi 24 na kulipa kila mwisho wa mwezi, simu isikike isisikike. Hapo ndipo taabu huanzia, kwa kuwa anayetaka kutoka kabla ya muda hudaiwa ada ya miezi yote iliyosalia.

Na ichukuliwe jamaa moja ya namna hiyo. Mwezi wa Januari 2023 mume alikuwa amepewa nyumba kijijini, kaskazini mwa nchi, waingie mwishoni mwa Februari. Mke akaipigia kampuni ya simu, akamtajia muuzaji namba ya posta ya nyumba hiyo mpya, akauliza kama simu itasikika mle ndani. Akajibiwa kwamba itasikika ndani na nje. Mke huyo alikuwa mwangalifu, akaomba jibu hilo kwa maandishi, nalo likamfikia kwa baruapepe siku ile ile. Mkataba ukaanza tarehe 1 Februari: pauni 18 kila mwezi kwa huduma ya simu, na pauni 24 kwa chombo chenyewe.

Walipohamia tarehe 25 Februari, simu ikawa bubu. Mume akaenda mazoezini, ambako askari hupata nafasi ya kupiga simu dakika chache tu, na hajui lini atapata nyingine. Usiku mmoja alipiga mara nne, na mara zote nne akajibiwa na sanduku la sauti, hali mkewe ameketi na simu mapajani. Aliporudi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama watoto, mbona ulizima simu?"

Sheria ya Uingereza humpa mtu aliyefunga mkataba kwa simu au kwa mtandao siku 14 za kubadili nia bila ya kutoa sababu. Aliyetia sahihi dukani hana haki hiyo isipokuwa duka limempa kwa hiari yake. Jamaa hii ilikuwa imevuka siku hizo kabla hata ya kuingia katika nyumba. Kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ni kuthibitisha kwamba huduma iliyouzwa siyo iliyotolewa.

Hapa watu wengi hukosea. Huandika barua yenye hasira, wakasema simu haishiki, na kampuni hujibu kwa adabu kwamba ramani yake yaonyesha mawimbi ni mazuri, na kwamba mkataba hauahidi kusikika kila mahali. Maneno hayo ya mkataba ni ya kweli. Karibu kila kampuni huyaandika. Lakini Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inasema kwamba jambo alilolisema muuzaji juu ya huduma, ikiwa mnunuzi alilitegemea alipokata shauri, huhesabiwa kuwa sehemu ya mkataba. Ndiyo sababu ile baruapepe yenye namba ya posta ilikuwa na thamani kuliko kurasa kumi za manung'uniko. Askari aliyetia sahihi akiishi mjini, kisha akahamishiwa bondeni bila kuwa ameitaja nyumba hiyo mpya kwa muuzaji, hana silaha hiyo. Kuhama kwake siyo kosa la kampuni, naye ni heri aombe kusaidiwa kwa hisani kuliko kudai haki.

Ushahidi wa pili ni vipimo. Vile vijiti vinavyoonekana pembeni mwa kioo cha simu havitoshi, kwa kuwa kila mtengenezaji huvipanga apendavyo. Kipimo cha haki ni namba inayoandikwa kwa dBm. Katika simu za iPhone hupatikana kwa kupiga *3001#12345#* na kutazama mstari ulioandikwa RSRP. Katika simu nyingi za Android hupatikana kwa kufungua Settings, kisha About phone, kisha SIM status. Namba hizo ni hasi, na kadiri inavyokwenda mbali na sifuri ndivyo mawimbi yanavyopungua. Kwa mtandao wa 4G, -85 ni nzuri, -105 ni dhaifu, na kuanzia -115 mazungumzo hukatika au hayaanzi kabisa. Tofauti ndogo isidharauliwe: kila kumi inayoongezeka maana yake ni kwamba nguvu ya mawimbi imebaki sehemu moja ya kumi ya ile ya awali.

Kabla ya kupima hapana budi kuzima waifai pamoja na Wi-Fi Calling, kwani simu ikipitia intaneti ya nyumbani mazungumzo yatasikika vizuri na shtaka lote litaharibika. Mke yule alipima kwa siku 14, tangu tarehe 6 hadi 19 Machi, asubuhi, alasiri na usiku, katika sehemu nne: jikoni, sebuleni, chumbani na langoni nje. Kila mara aliandika daftarini tarehe, saa, mahali, namba iliyoonekana, na kama simu aliyopiga ilipita au ilikatika, kisha akaipiga picha kioo cha simu. Siku moja haitoshi, kwa kuwa kampuni itasema mnara ulikuwa ukitengenezwa. Na apimaye asiandike mabaya tu: siku ambazo simu ilisikika ziandikwe vile vile. Daftari lisilo na hata siku moja njema humtia shaka yeyote atakayelisoma.

Jikoni na sebuleni namba zilikuwa kati ya -116 na -121, langoni zilikuwa kama -101. Maana yake mawimbi yalikuwako kijijini, lakini yalifika yamechoka, na kuta nene za mawe zikayamaliza. Nyumba mpya nazo zina adui wake: karatasi ya madini inayowekwa ukutani kuzuia baridi, na vioo vya madirisha vilivyopakwa madini, vyote hurudisha mawimbi nyuma. Kampuni huweza kushika hoja hiyo na kusema kosa ni la nyumba, na dhidi ya muteja asiye na maandishi hoja hiyo huwa nzito sana. Ramani nyingi huonyesha hali ya nje ya nyumba. Ofcom, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano huko, ina ramani yake inayotofautisha nje na ndani, na inafaa kuipiga picha siku ya kufunga mkataba, si siku ya ugomvi.

Lilibaki swali moja: je, kosa ni la mtandao au la chombo? Jibu hupatikana kwa kubadilishana kadi, nalo halina gharama kubwa. Mke alichukua kadi yake akaitia katika simu ya jirani, jikoni pale pale: -119. Kisha akanunua kadi ya kampuni nyingine, ile ya kulipa kabla ya kutumia, akaitia katika simu yake mwenyewe: -94, na simu ikapita mara kumi kati ya kumi. Basi chombo kilikuwa kizima, kuta ni zile zile, na mtandao mwingine uliweza kuzipenya. Jaribio hili si la kuachwa hasa kwa wenye simu za zamani. Kuanzia mwaka 2023 makampuni ya Uingereza yalianza kuzima mitambo ya 3G, na simu isiyoweza kupiga kwa 4G hubaki ikitegemea 2G tu. Mwenye chombo hicho hulaumu mtandao kumbe dawa ni kubadili simu.

Akiisha kukusanya hayo, alituma neno INFO kwenda namba 85075. Huduma hiyo ni ya bure, na kampuni hutakiwa kujibu kwa kumweleza mteja anadaiwa nini akiondoka leo. Jibu likawa karibu pauni 396, yaani miezi 22 mara pauni 18. Tarehe 27 Machi akapeleka malalamiko yake rasmi kwa maandishi, akitumia hasa neno malalamiko, kwa maana kuripoti hitilafu tu hakuanzishi hesabu ya siku. Aliambatisha baruapepe ya muuzaji, nakala ya daftari na picha sita, wala si sitini. Aliomba mambo mawili: kampuni irekebishe ndani ya siku 14, na ikishindwa, imwachilie bila ada.

Kampuni ilimshauri atumie Wi-Fi Calling. Mahali pengine shauri hilo ni jema, na anayelikataa pasipo sababu hujidhoofisha. Lakini nyumba ile haikuwa bado na laya ya intaneti, na kuivuta kungekuwa gharama nyingine, ilhali aliahidiwa simu ya mkononi iliyo kamili. Alijibu hivyo kwa mistari mitatu, na akaendelea kulipa.

Kulipa huko ndiko kunakowaudhi waume wengi, ambao huenda benki wakafuta ile amri ya kukata fedha kila mwezi. Ni kosa kubwa. Deni huandikwa katika kumbukumbu za mikopo, na alama ya kushindwa kulipa hukaa humo miaka sita, ikimfuata askari atakapoomba nyumba ya kupanga au mkopo wa gari. Kampuni nayo hupata nafasi ya kusema kwamba aliyevunja mkataba ni mteja.

Mwaka 2023 kampuni ilipewa wiki nane za kumaliza malalamiko, hesabu iliyofika tarehe 22 Mei. Anayelalamika sasa na aulize muda uliopo, na kampuni hulazimika kumwambia. Muda ukipita, au kampuni ikitoa barua ya kusema haina zaidi, shauri hupelekwa bure kwa mojawapo ya mabaraza mawili ya usuluhishi, Communications Ombudsman au CISAS, kutegemea kampuni imejiandikisha wapi. Msuluhishi husoma karatasi tu, haiti mashahidi. Mteja akiukubali uamuzi, kampuni hufungwa nao. Asipoukubali, yu huru kwenda mahakamani. Kwa karatasi kama zile, mteja ana hoja ya kuomba afutiwe ada yote: mwanzoni mwa Julai ingekuwa imesalia miezi 19, yaani pauni 342.

Zile pauni 24 za chombo ni habari nyingine. Huko Uingereza mara nyingi simu huuzwa kwa mkopo wenye mkataba wake mbali na ule wa huduma, na huduma ikivunjwa deni la chombo hubaki palepale. Mikataba yote miwili isomwe kabla ya kushangilia.

Namba ya zamani huweza kuhamishwa kwa kutuma neno PAC kwenda 65075, na alama itakayoletwa hudumu siku 30. Lakini alama hiyo isikabidhiwe kwa kampuni mpya mpaka barua ya kufuta ada iwe mkononi, kwa sababu ikisha kutumiwa mkataba wa zamani hufa namba inapohamishwa, na hati ya madai hufuata nyuma yake.