Sabuni moja, wanunuzi wawili: kwa nini tangazo la redio haliuzi kwa kampuni ya madini

Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kwamba kazi ambazo makampuni makubwa yanawapa wengine wazifanye ni za makampuni ambayo mtaji wake mwingi uko mikononi mwa Wakongo. Tangu hapo, watengenezaji wadogo wengi wa Haut-Katanga na Lualaba wanaongojea migodi iwaite. Wengi hawaitwi. Wanalaumu upendeleo, na mara nyingi wana haki ya kulaumu. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana: wanauzia kampuni namna wanavyouzia mama wa sokoni.

Mfano ni huu. Mama mmoja anatengeneza sabuni ya maji katika komine ya Katuba, mjini Lubumbashi. Sokoni sabuni yake inatembea vizuri. Ana wimbo mfupi kwenye redio ya mtaa, ana kijana mwenye megafoni siku ya Jumamosi, na ana picha za bidoni kwenye status ya WhatsApp. Mnunuzi anafika, anafungua kifuniko, ananusa, anauliza bei, anaomba apunguziwe franga kidogo, analipa, anaondoka. Jambo lote linaisha ndani ya dakika 3. Kama sabuni haina povu, hatarudi, lakini hasara yake ni ndogo na fedha ni zake mwenyewe.

Sasa mama huyo anasikia kwamba kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi upande wa Kolwezi, yenye watu 2.000, inanunua sabuni ya mikono kila mwezi. Anaongeza pesa kwenye redio. Anabandika bango karibu na barabara ya kwenda Likasi. Anaacha bidoni moja na karatasi ya rangi kwa mlinzi wa ofisi. Miezi 4 inapita, hakuna simu. Anasema sabuni yake imedharauliwa. Ukweli ni kwamba hakuna mtu mwenye kazi ya kuichagua aliyeiona.

Katika kambi, anayetumia sabuni si yule anayeichagua, anayeichagua si yule anayetia sahihi, na anayetia sahihi si yule anayelipa. Mkuu wa kambi ndiye anayejua kwamba sabuni ya sasa inaisha kabla ya mwezi kuisha. Mtu wa usalama na afya kazini anataka kujua kilichomo ndani na nini kifanyike ikiingia machoni. Ofisi ya manunuzi inatafuta bei na karatasi. Ofisi ya fedha inaangalia kama muuzaji anaweza kulipwa bila kuleta matatizo na watu wa kodi. Mmoja kati ya hao wanne akisema hapana, dosie inalala.

Ndiyo maana muda ni mrefu. Kwanza muuzaji anaandikwa kwenye orodha ya wauzaji wanaokubaliwa: RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara, namba ya kodi, uthibitisho wa CNSS, cheti cha ARSP pale sheria inapokihitaji, namba ya akaunti ya benki yenye jina lile lile la kampuni. Jina likiwa na herufi moja tofauti kati ya RCCM na benki, dosie inarudi. Baadaye ofisi inaomba proforma, mara nyingi kwa wauzaji 3. Halafu sabuni inajaribiwa. Halafu inangojewa siku ambayo mkataba wa muuzaji wa zamani unaisha. Hapo tu ndipo hati ya komande inatoka. Kutoka mazungumzo ya kwanza hadi komande ya kwanza, miezi 6 si jambo la ajabu, na mwaka mzima pia si ajabu. Swali lenye faida kubwa kuliko yote ambayo muuzaji anaweza kumuuliza mkuu wa kambi ni hili: mkataba wa sasa unaisha mwezi gani? Anayejua mwezi huo anajua lini apeleke dosie. Asiyejua anafika siku yoyote, na siku yoyote kwa kawaida ni siku mbaya.

Kuna proforma nyingine zinazoombwa ili tu kujaza idadi. Mshindi amekwisha kujulikana, zinabaki mbili za kumsindikiza. Muuzaji mwenye macho anaweza kuitambua: wanaitaka kabla ya saa kumi jioni, hawataji kiasi, hawaulizi sampuli, hawataki kuona mahali sabuni inapotengenezwa. Kutumia siku tatu kwa proforma ya namna hiyo ni kupoteza siku tatu.

Ujumbe nao unabadilika. Sokoni maneno ni harufu ya limau, povu jingi, bei ya chini. Ndani ya kambi hakuna anayeweza kumwendea direkta wake na kumwambia: nimechagua hii kwa sababu inanukia. Anahitaji maneno ambayo atayarudia mbele ya wakubwa wakati muuzaji hayupo chumbani. Kwa sabuni, maneno hayo ni hesabu.

Tuseme bidoni ya lita 20 ya mama wa Katuba ni dola 18, na ile inayotumika sasa kambini ni dola 15. Akisema bei tu, amekwisha kushindwa. Lakini sabuni yake ni nzito: mililita 2 zinatosha kunawa mara moja, wakati ile nyingine inahitaji mililita 3. Watu 2.000 wakinawa mara 6 kwa siku, ni mara 12.000 kwa siku, mara 360.000 kwa siku 30. Kwa sabuni yake, hiyo ni lita 720, yaani bidoni 36, dola 648. Kwa ile ya dola 15, ni lita 1.080, bidoni 54, dola 810. Bidoni yenye bei ya juu inapunguza gharama ya mwezi kwa dola 162, na kuna bidoni 18 chache za kusafirisha na kuhifadhi.

Hesabu hiyo inaingia kwenye nusu ya ukurasa. Lakini haina nguvu kama ni maneno ya muuzaji peke yake. Inafaa aombe wiki mbili za majaribio katika jengo moja la kula, wapime bidoni ngapi zimekwisha, na mkuu wa kambi aandike matokeo kwa mkono wake. Kuna hatari pia: pampu za ukutani zikitoa mililita 3 kila zinapobonyezwa, faida yote inapotea, kwa sababu mfanyakazi habonyezi nusu. Muuzaji anayejua kazi yake anaangalia pampu kabla ya kuandika hesabu.

Kwa mtu wa usalama, ujumbe ni karatasi nyingine kabisa: karatasi ya usalama ya bidhaa, yenye sehemu 16 zinazojulikana dunia nzima, ikieleza kilichomo, hatari, huduma ya kwanza na namna ya kuhifadhi. Kila bidoni iwe na namba ya toleo na tarehe, ili mikono ya watu ikiwasha ijulikane ni bidoni zipi ziondolewe. Sokoni hakuna anayeuliza hayo. Kambini, bila hayo sampuli haifunguliwi.

Na njia? Redio ni nzuri kwa sababu inafika kwa watu wengi ambao kila mmoja anaweza kununua chupa moja. Lakini wanunuzi wa sabuni kwa kambi, hospitali kubwa, hoteli na makampuni ya chakula katika Haut-Katanga na Lualaba wanaweza kuandikwa kwenye daftari moja la shule. Kulipia masikio ya mji mzima ili kuwafikia watu wa daftari moja ni kumwaga maji. Njia ya watu hao ni orodha ya wauzaji, matangazo ya zabuni, ziara ofisini kwa miadi, maonyesho kama DRC Mining Week ya kila mwaka mjini Lubumbashi, na zaidi ya yote mnunuzi mmoja kumwambia mwenzake kwamba fulani analeta kwa wakati. Mara nyingi njia fupi ni kuuzia kwanza kampuni inayopikia kambi, kwa sababu tayari iko ndani na ina uhuru zaidi wa kuchagua.

Wengine watasema hayo yote ni hadithi, kwamba mlango unafunguliwa na madesu ya bana. Ni kweli kwamba yapo. Lakini mnunuzi aliyepewa rushwa naye anahitaji dosie safi ya kujifichia, na yule asiyeitaka anaihitaji ili ajitetee. Asiye na karatasi anashindwa pande zote mbili.

Tofauti hii haifuati neno kampuni kila mahali. Saluni ya Kampemba au mkahawa wa watu 3 ni biashara, lakini mwenye mali ananusa, analipa na kuondoka kama mama wa nyumbani. Na familia inayonunua pikipiki inaweza kukaa kikao kwa miezi. Kinachobadilisha kila kitu ni idadi ya sahihi na kama fedha zinazotoka ni za yule anayechagua.

Pigo kubwa zaidi linakuja baada ya kushinda. Mama wa Katuba amepata komande: bidoni 36 kwa mwezi. Kila moja inamgharimu dola 13 pamoja na usafiri, hivyo anatoa dola 468 kwa mwezi na kupata faida ya dola 180. Sokoni analipwa hapo hapo. Kambini fakture inatolewa mwisho wa mwezi na kulipwa baada ya siku 60. Kabla ya kuona dola ya kwanza amekwisha kutoa mizigo ya miezi 3, yaani dola 1.404, karibu faida ya miezi 8. Fakture ikikosa namba ya komande, au karatasi ya kupokea mzigo ikikosa muhuri wa ghala, siku 60 zinaanza kuhesabiwa upya. Mwezi wa 3 anakosa mzigo, na jina lake linaondolewa kwenye orodha aliyohangaika nusu mwaka kuingia.

Hapo lawama inapaswa kugawanywa. Muuzaji alipaswa kuuliza siku za malipo kabla ya kuandika bei, na kuomba siku 30 au malipo ya awali kidogo. Lakini kampuni inayosafirisha shaba kwa malori kila siku, ikimngojesha siku 60 mtu wa dola 648, inamkopa mtu asiye na mkopo mwenyewe. ARSP inahesabu mikataba inayopewa Wakongo. Ingefaa pia ihesabu ni siku ngapi zinapita kati ya muhuri wa ghala na pesa kuingia benki, na itangaze idadi hiyo kwa jina la kila kampuni.