24 kwa 40 haisemi kitu, mwalimu

Wasee, leo niko na kisa na hizi hesabu za kichwa ambazo watoto wa Gredi ya 5 wanapigishwa asubuhi. Maswali 40, dakika 2, kalamu chini, halafu alama moja nyekundu juu ya karatasi. Hiyo alama inadanganya.

Mdogo wangu alikuja nyumbani na 24 kwa 40. Jirani yake wa dawati pia alipata 24. Wote wakaambiwa waongeze spidi. Nikaomba nione karatasi zote mbili. Mdogo wangu alijaribu 25, akakosa moja tu. Mwenzake alijaza zote 40, akakosa 16. Sasa piga hesabu: kila mmoja ana majibu 12 sahihi kwa dakika, lakini ukihesabu yale waliyojaribu, mmoja ana asilimia 96 na mwingine 60. Huyo wa pili akiongeza spidi, si anaongeza tu makosa?

Kwa hivyo andika namba mbili: sahihi kwa dakika, na sahihi kati ya alizojaribu. Usizichanganye ziwe moja, maana hapo ndipo ukweli unapotea.

Halafu angalia makosa yenyewe, bana. Huyo mwenzake aliandika 63 − 28 = 45, na 81 − 36 = 55. Hiyo si haraka. Kila mara anatoa tarakimu ndogo kwa kubwa, hata kama ndogo ndiyo iko juu. Ukitaka uhakika, mpe hesabu hizo hizo kesho bila saa. Akizipata, shida ilikuwa saa. Akiandika 45 tena, hajui kukopa, na hapo stopwochi haina kazi.

Mimi ningepanga ngazi: kwanza kutoa bila kukopa, kama 68 − 23, kisha za kukopa, kisha mchanganyiko. Saa isiguswe mpaka mtoto apate 19 kwa 20 akiwa ametulia. Na kila wiki karatasi mpya, ugumu ule ule, namba tofauti. Ukirudia ile ile, watakariri majibu na utadhani wamekuwa wepesi.

Kuna kitu kingine hakuna mtu alipima: mkono. Nilimpa mdogo wangu majibu yakiwa tayari, ya tarakimu mbili mbili, anakili tu kwa dakika moja. Akanakili 14. Yaani zile 12 zake zilikuwa karibu na mwisho wa mkono wake, si wa kichwa. Nikampa karatasi nyingine ya kiwango kile kile, asome mwenyewe na ataje majibu kwa mdomo mimi nikiandika. Akafika 19 sahihi kwa dakika.

Na ripoti yake bado imeandikwa ni mzito wa hesabu.