Maoni Yetu: Mkutano wa Ijumaa ukihamia Jumanne

Ofisi nyingi za Nyamira huweka mkutano wa timu wa kila wiki Ijumaa saa nane mchana. Hesabu yake inaeleweka: wiki imekwisha, kila mtu ana la kuripoti, na shughuli za asubuhi hazikuguswa. Lakini katika kaunti hii saa hiyo ina kasoro mbili kubwa, na wakuu wa idara wanaofikiria kuihamisha wana haki. Wasiwasi wetu ni namna wanavyoitangaza hatua hiyo. Ujumbe wa mstari mmoja kwenye kundi la WhatsApp hautoshi, na tutaonyesha kwa nini.

Kwanza, kasoro zenyewe. Waadventista Wasabato ni wengi sana Nyamira na Kisii, na Sabato yao huanza jua linapotua Ijumaa. Hapa karibu na ikweta jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja kasoro, mwaka mzima. Mkutano ulioandikwa saa nane, ukaanza saa tisa kasoro robo na kuisha saa kumi na moja, unamwachia mtu wa Nyansiongo muda mfupi mno wa kupata matatu, kupita sokoni na kumaliza maandalizi ya nyumbani kabla jua halijazama. Ibara ya 32 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Kanisa la Waadventista katika kesi ya wanafunzi waliotakiwa kuhudhuria masomo siku ya Sabato. Ijumaa mchana si Sabato, na hatusemi mkutano wa saa hiyo unavunja sheria. Tunasema unawabana watu walewale kila wiki. Kasoro ya pili ni mvua. Katika vilima hivi, majira ya mvua, mawingu hujikusanya baada ya chakula cha mchana, na ofisa anayekuja kwa bodaboda kutoka Ekerenyo hufika amelowa au hafiki.

Tuchukue timu ya maofisa wa ugani, watu kumi na wawili wanaotoka Ekerenyo, Keroka, Manga na Nyansiongo kukutana mjini Nyamira. Mkuu wao anataka kuhamisha mkutano kutoka Ijumaa saa nane mchana hadi Jumanne saa mbili asubuhi, mwezi wa Oktoba 2026.

Kabla ya kutangaza lolote, awaulize watu wake swali moja: ni saa gani huwezi kabisa? Asiulize ni saa gani wangependa, kwa kuwa atapata majibu kumi na mawili yasiyokutana. Swali la kutoweza huleta majibu machache na ya kweli: huyu anapeleka mtoto kliniki Jumanne, yule ana kikundi cha wafugaji asubuhi hiyo Borabu. Na akiri mbele yao kwamba mabadiliko haya yana gharama. Asubuhi ndiyo saa nzuri ya kutembelea mashamba, kabla mvua haijaanza. Mkutano wa Jumanne lazima uishe saa tatu, la sivyo atakuwa ameokoa Ijumaa ya maofisa na kuharibu Jumanne ya wakulima.

Halafu achague tarehe, na hapa ndipo wengi huteleza. Akitaka kuanza haraka, Jumanne 13 Oktoba inaonekana inafaa. Lakini Jumanne inayofuata ni tarehe 20, Mashujaa Dei, sikukuu ya kitaifa. Mkutano mpya ungefanyika mara moja, ukakosekana wiki ya pili, na hapo nusu ya timu ingerudi kwenye mazoea ya Ijumaa kwa kudhani jaribio limekufa. Heri aendelee na Ijumaa hadi tarehe 23, kisha aanze Jumanne tarehe 27. Ijumaa ya mwisho na Jumanne ya kwanza zitatengwa na siku nne tu, na hilo si tatizo mradi lisemwe wazi, kwa sababu mtu anayetoka kikaoni Ijumaa hatarajii kuitwa tena Jumanne. Asiposema, wapo watakaodhani kwamba Jumanne ya kwanza ni tarehe 3 Novemba, wiki nzima baadaye.

Sasa saa yenyewe. Mkutano unatoka saa nane kwenda saa mbili. Kwa anayesoma saa ya Kiingereza kwenye simu, unatoka mbili kwenda nane. Tarakimu ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu, na timu yoyote ya Kenya huchanganya hesabu hizi mbili katika mazungumzo ya siku moja. Mkuu akiandika “2 badala ya 8” au “8 badala ya 2”, kila msomaji atakuwa na sababu ya kuamini alivyoelewa yeye, na hakuna atakayeuliza kwa kuwa hakuna anayejiona ana shaka. Atafika mtu saa nane mchana Jumanne, daftari mkononi, akute chumba kitupu. Dawa yake ni kuandika saa kwa maneno pamoja na sehemu ya siku, kisha kuongeza saa ya tarakimu nne: saa mbili asubuhi, 08:00, saa nane mchana, 14:00. Kwa mpangilio huo hakuna namna ya kuzichanganya.

Tangazo lenyewe litolewe kwa mdomo kwanza, ndani ya mkutano wa Ijumaa 9 Oktoba, na jioni ileile lifuate kwa maandishi. Kwa hiyo kila mtu atakuwa na mikutano miwili zaidi ya kuuliza kabla ya Jumanne ya kwanza. Alitoe mtu mmoja, yule anayeongoza mkutano. Matangazo mawili kutoka kwa mkuu na karani, yakitofautiana hata kwa neno moja, huzaa mjadala wa siku tatu. Sisi tungeliandika hivi:

“Mkutano wa timu wa kila Ijumaa saa nane mchana (14:00) unahamia kila Jumanne saa mbili asubuhi (08:00). Mkutano wa mwisho wa Ijumaa ni tarehe 23 Oktoba 2026. Mkutano wa kwanza wa Jumanne ni tarehe 27 Oktoba 2026, siku nne baadaye. Ijumaa tarehe 30 Oktoba hakuna mkutano. Chumba ni kilekile. Tutamaliza saa tatu kamili (09:00) ili tuwahi mashambani. Tunahama kwa sababu ya safari za Ijumaa jioni na mvua za mchana. Tutaupima mpango huu pamoja Jumanne tarehe 24 Novemba. Tafadhali jibu kwa kuandika siku, tarehe na saa ya mkutano wako wa kwanza.”

Angalieni sentensi ya mwisho. Alama ya kidole gumba na neno “sawa” huthibitisha tu kwamba mtu ameona ujumbe. Akiandika mwenyewe “Jumanne 27, saa mbili asubuhi”, umejua ameelewa. Akiandika “Jumanne saa nane”, umempata aliyekosea siku kumi na nane kabla, wakati kumrekebisha hakugharimu chochote. Wasiojibu kufikia Jumatatu wapigiwe simu. Timu ya watu kumi na wawili haihitaji njia nyingine.

Ujumbe huo ubandikwe juu ya kundi. WhatsApp inaruhusu ujumbe kubandikwa kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Tangu tarehe 9 hadi 27 ni siku kumi na nane, kwa hiyo achague 30. Asiye na bando atumiwe ujumbe mfupi wa kawaida. Na ile karatasi ya zamani iliyobandikwa mlangoni, yenye Ijumaa na saa nane, iondolewe jioni ya tarehe 23. Tunalisisitiza hili kwa sababu karatasi za milangoni katika ofisi za umma huishi muda mrefu kuliko maofisa waliozibandika, na mgeni huamini mlango kuliko simu.

Kwa timu zinazotumia kalenda ya Google, kuna mtego mmoja. Ukifungua mkutano unaojirudia na kubadilisha saa, utaulizwa kama mabadiliko ni ya tukio hilo pekee, ya tukio hilo na yanayofuata, au ya yote. Fungua la Ijumaa 30 Oktoba, ulipeleke Jumanne 27 saa mbili asubuhi, kisha uchague hilo na yanayofuata. Ukichagua yote, mikutano iliyokwisha kufanyika nayo itahama, na kumbukumbu za nani alihudhuria lini zitavurugika. Hakikisha pia saa za eneo zimewekwa `Africa/Nairobi`. Tuseme timu ina mshauri anayejiunga kwa video kutoka Ujerumani. Saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, lakini Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo mwaka 2026 ni tarehe 25, siku mbili kabla ya mkutano wetu wa kwanza. Mshauri aliyekubali tarehe 9 alihesabu kwamba saa mbili ya Nyamira ni saa moja asubuhi kwake. Tarehe 27 itakuwa saa kumi na mbili asubuhi. Kama kalenda iliandaliwa kwa saa za Berlin, mambo yatageuka: yeye ataingia kwa wakati wake wa kawaida, na ofisi ya Nyamira ndiyo itakayoonyeshwa saa tatu badala ya saa mbili.

Wakuu wengine watauliza kama kuna sharti la sheria. Mkutano ukibaki ndani ya saa za kazi zilizokubaliwa, taarifa ya mapema inatosha. Ukipelekwa nje ya saa hizo, tuseme saa moja asubuhi, hapo unagusa masharti ya ajira, na kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko kwa maandishi.

Bado kazi ni mbili. Jumatatu tarehe 26 mchana, kikumbusho cha mstari mmoja: kesho, saa mbili asubuhi. Na Ijumaa tarehe 30 asubuhi, ujumbe ambao karibu kila mtu husahau kuutuma: leo hakuna mkutano, tulikutana Jumanne. Mazoea ya miaka hayafi kwa tangazo moja, na nauli ya kutoka Nyansiongo hadi Nyamira na kurudi bure inatoka mfukoni mwa ofisa.

Mkuu aandike nani amechelewa katika Jumanne nne za kwanza. Wachelewaji wakiwa wapya kila wiki, ni mazoea tu bado yanatengenezwa, na yatakaa sawa. Wakiwa ni watu walewale wawili kutoka upande mmoja wa kaunti, kosa si lao wala la tangazo: huenda matatu ya kwanza ya upande ule haiondoki mapema vya kutosha. Tarehe 24 Novemba awaulize hilo kwanza, na awe tayari kusogeza mkutano hadi saa mbili na nusu.