MWALIMU KAFUNDISHA MIAKA 33, KAAMBIWA 29: FAILI WAPOTEZE WAO, NAULI ALIPE YEYE?

Wadau, wengi wetu milioni 54 zikisoma kwenye simu siku moja, cha kwanza ni kupiga kelele, cha pili ni kuangalia viwanja. Mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi mkoani Morogoro alifanya kitu kingine kabisa. Alichukua barua ya mchanganuo wa mafao yake, akavaa miwani, akaanza kuhesabu. Kafundisha Hisabati maisha yake yote, namba hazimpiti hivi hivi.

Kwenye mchanganuo kulikuwa na mstari mmoja uliomkaba koo: miezi ya utumishi, 348. Akagawa kwa 12, akapata miaka 29. Lakini yeye aliajiriwa Julai 1992 na kustaafu mwisho wa Juni 2025. Hiyo ni miaka 33, sawa na miezi 396. Miezi 48 imeyeyuka.

Binti yake, anayesuka watu Sinza, alimwambia kwenye simu, "Mama, milioni 54 si haba, achana nao utapata presha bure." Mwalimu akamjibu, "Mwanangu, hawajanipa zawadi. Hii ni hesabu, na hesabu yao ina kosa."

Sasa usije ukadhani ni mzee king'ang'anizi anayetafuta sifa. Fuata hesabu yenyewe. Kwa kikokotoo kinachotumika, unachukua miezi ya utumishi, unazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyokuwa mizuri zaidi, halafu unagawa kwa 580. Jibu ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 ya hiyo inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi.

Mwalimu alikuwa anapata wastani wa milioni moja na nusu kwa mwezi, yaani milioni 18 kwa mwaka. Kwa miezi 348, mkupuo ni milioni 54 na pensheni ni 540,000 kila mwezi. Kwa miezi 396, mkupuo unakuwa kama milioni 61 na laki nne na nusu, na pensheni 614,000 na ushee. Yaani kapunjwa zaidi ya milioni saba mkononi, na zaidi ya elfu sabini na nne kila mwezi mpaka anaingia kaburini. Kwa mwaka ni karibu laki tisa. Hiyo ni dawa ya presha, ni umeme, ni mchele. Nani aachane nayo?

Akaenda ofisi ya mfuko. Alipokelewa vizuri tu, kiti akapewa, shikamoo akapewa. Kijana wa dirishani akamweleza, "Mama, sisi tunalipa kwa taarifa za mwajiri. Mwajiri ameandika uliajiriwa tarehe 1 Julai 1996. Rudi kwa mwajiri."

Na hapa ndipo penye siri ambayo walimu wengi hawaijui. Watumishi wa Serikali walianza kukatwa michango ya pensheni Julai 1999, ulipoanzishwa mfuko wa PSPF, ambao Agosti 2018 uliunganishwa na mingine ikawa PSSSF. Kuanzia hapo kila mwezi una alama yake: asilimia 5 ya mtumishi na 15 ya mwajiri. Lakini miaka ya nyuma ya hapo haina mchango hata mmoja, kwa sababu wakati huo mtumishi hakuchangia. Miaka hiyo inahesabika kisheria, na Serikali inajua kwamba ni deni lake. Mwaka 2021 ilitoa hatifungani maalumu ya trilioni 2.17 kwa ajili ya deni hilo. Ila kwa mwalimu mmoja mmoja, ushahidi wa miaka hiyo ni karatasi tu, na karatasi zenyewe ziko ndani ya faili lililo mikononi mwa mwajiri.

Haya, mwajiri ni halmashauri. Afisa utumishi akalitoa faili, akafungua ukurasa wa kwanza kabisa. Folio namba moja ni barua ya mwalimu kuripoti, Julai 1996. Kabla ya hapo hakuna kitu.

Ilikuwaje? Mwaka 1992 mwalimu alipangiwa wilaya moja iliyokuwa mkoa wa Shinyanga. Baada ya miaka minne akahamia Morogoro kumfuata mumewe. Yeye alihama, faili lake halikuhama. Walipomsubiri bila faili, wakamfungulia jipya. Miaka ikaenda, zikaja kompyuta, na aliyekuwa anaingiza taarifa akatafuta barua ya zamani kuliko zote ndani ya faili. Akaikuta ya 1996, akaandika: tarehe ya ajira ya kwanza, 1996. Hakuna aliyekula njama. Mtu alichapa tarehe moja, akaenda kunywa chai, na miaka minne ya mtu ikafa hapo.

Kinachokera ni hiki. Mwaka 2016 na 2017 mwalimu huyu alihakikiwa kama walivyohakikiwa wenzake. Cheti cha kidato cha nne kilipekuliwa, cheti cha ualimu kikapekuliwa. Cheti kilionyesha kwamba alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1992. Hakuna aliyejiuliza alikuwa wapi mpaka 1996. Ilipokuwa Serikali inatafuta wa kumtoa kazini, ilijua kusoma kila herufi. Ilipofika kwenye kumlinda mtumishi wake, macho yakaingia ukungu.

Na jibu alilopewa je? "Mama, leta barua yako ya ajira ya kwanza." Barua ilikuwa kwenye sanduku la bati nyumbani, na mvua za El Niño za 1997/98 zilipobomoa ukuta, sanduku likajaa maji. Akaambiwa bila barua hawawezi kumsaidia.

Tulia hapo kidogo. Barua iliandikwa na Serikali. Nakala ikabaki serikalini. Serikali ikaipoteza nakala yake ndani ya ofisi yenye makabati na mtunza kumbukumbu anayelipwa mshahara. Halafu inamlaumu mama wa watu kwa kushindwa kuokoa ya kwake ndani ya nyumba ya tope. Nani hapa ana kosa kubwa?

Watu wa ofisini wana hoja yao, na haitakuwa haki kuificha. Wanasema wakikubali maneno matupu, kila mtu atajiongezea miaka kumi. Ni kweli, nchi hii imeshalipa sana watumishi hewa, na ushahidi lazima uwepo. Ila kudai ushahidi ni jambo moja, na kumtuma mstaafu akautafute kwenye makabati yako wewe mwenyewe ni jambo lingine.

Maana ushahidi ulikuwepo, tena serikalini. Mwalimu alimpata mwenzake waliyesoma naye chuo na kupangiwa naye wilaya moja, siku moja. Huyo barua yake ipo. Mwalimu hakuishia kwenye jina wala tarehe. Akashuka mpaka chini kabisa, sehemu ambayo hakuna mtu anaisoma, palipoandikwa "Nakala kwa". Kila barua ya Serikali inayo sehemu hiyo. Barua moja huzaa watoto, na kila mtoto anaishi kwenye faili la ofisi tofauti. Mmojawapo alikwenda Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo inatunza kumbukumbu za walimu peke yake, mbali na jalada la halmashauri.

Akapanda basi. Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, mpaka ile wilaya yake ya ujanani, ambayo tangu 2012 iko mkoa wa Simiyu. Miaka 60, magoti yanauma, nauli na gesti kwa hela yake. Safari ya kwanza aliambiwa mhusika yuko semina. Safari ya pili mama mmoja wa masijala, Mungu ambariki, aliingia stoo na kutoka na faili la jalada la kaki lililojaa vumbi. Ndani yake kulikuwa na barua ya ajira, 1992. Nyuma yake barua ya kuthibitishwa kazini, 1993. Na kibali cha uhamisho wa 1996, kinachotaja kabisa kwamba faili lake lipelekwe Morogoro.

Baada ya hapo mambo yakaenda kama mteremko. Tume ikaandika kwa mkurugenzi kuthibitisha tarehe ya kwanza ya ajira. Mkurugenzi akaandika kwa mfuko kusahihisha taarifa. Mfuko ukakokotoa upya na kumlipa mapunjo. Miezi mitano jumla. Barua mbili tu zilizotoka ofisi moja kwenda nyingine ndizo zilizomaliza kazi, na mojawapo ya ofisi hizo ingeweza kuuliza siku ya kwanza kwa stempu na bahasha.

Ndiyo maana hii habari isiishie kwenye "hongera mwalimu". Mwenzake mwingine wa kundi lile lile amekwama mpaka leo kwa tatizo hilo hilo, miguu imevimba, safari ndefu haziwezi. Je, haki yake inategemea uwezo wa kukaa kwenye basi siku nzima? Mstaafu akilalamika kwamba miaka haijatimia, mwajiri ndiye aandike kwa kituo cha zamani na kwa Tume, apewe siku za kujibu, na mstaafu abaki nyumbani. Na kila anayehama aondoke na nakala ya kumbukumbu zake mkononi, imepigwa mhuri.

Mpaka hilo litokee, wewe mwenye mzazi mwalimu aliyeajiriwa kabla ya Julai 1999, usisubiri astaafu. Wikiendi hii ukienda nyumbani, muulize mambo matatu: barua ya ajira iko wapi, ya kuthibitishwa iko wapi, na halmashauri imeandika tarehe gani ya ajira ya kwanza. Hilo la tatu asijibu kwa kukumbuka. Aende ofisini alione kwa macho yake, akiwa bado kazini, wenzake wa kituo cha kwanza wakiwa bado hai na simu zao zinapokelewa. Tarehe ikiwa imekosewa, aandike barua siku hiyo hiyo, na ile atakayobaki nayo igongwe mhuri wa kupokelewa.

Binti wa Sinza naye kabadilika. Kampiga picha mama yake barua zote, zipo kwenye simu, zipo kwenye barua pepe, na nyingine kazichapa na kuzitia kwenye plastiki. Mama anacheka, anamwambia, "Sasa umekuwa masijala."